Dirisha Moja, Watu Wanne

Hotuba ile niliiandika mara tisa. Naijua idadi kwa sababu nakala zote niliziweka chini ya godoro, kila moja na namba yake kwenye kona, na nikizitoa leo naweza kukuonyesha mahali nilipobadilisha "wapendwa" kuwa "ndugu", nikarudisha "wapendwa", kisha nikayafuta yote mawili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Utoto wangu ulipita uhamishoni Kenya, na shule niliiacha darasa la saba. Kiswahili cha kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa Biblia, kamusi isiyo na jalada, na magazeti yaliyofungiwa sukari. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huogopa kosa kuliko wengine. Kila alama ya mkato huiona kama mlango ambao watu wataingilia wagundue kwamba hakusoma.

Tulirudi Juba nchi ilipopata uhuru. Kanisa letu lilikuwa mtaa wa Gurei, kuta za matofali hadi kiunoni na juu yake mabati, na ibada ya Kiswahili ilikuwa yetu sisi tuliorudi, pamoja na Waganda wenye maduka na Wakenya wa maofisini. Mimi nilikuwa karani wa kamati ya umisheni. Maana yake ni kwamba barua zote niliandika mimi, na zikijibiwa nilizisoma mimi.

Kisha vita vikaja upya. Pasipoti zetu za nchi mpya zilikuwa bado zinanukia gundi, na tayari tulikuwa tumeanza kuuana. Miezi ilipita, risasi zikanyamaza mjini, lakini watu wa kabila la kijana aliyetupigia ngoma kanisani hawakurudi nyumbani kwao. Wengine walibaki kambini nje ya mji, wengine walivuka mpaka.

Katika miezi hiyo ndipo ilipofika barua kutoka kanisa dogo katika makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Walisema wao wenyewe wamegawanyika: upande mmoja wanasali asubuhi, upande wa pili wanasali mchana, na watoto wao wanarushiana mawe kisimani. Waliomba watumiwe watu wa kukaa nao wiki mbili, kusali na kufundisha. Nililikariri sharti lao: "Tumeni watu wa pande zote mbili. Kama ni wa upande mmoja, heri msije. Hao tunao wa kutosha."

Tulipata wanne. Kiongozi alikuwa mama mmoja muuza samaki wakavu pale sokoni Gurei, mwenyeji wa kusini kabisa mwa nchi aliyekulia uhamishoni Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Wa pili alikuwa mwalimu Mkenya, mpole, aliyeoa mwaka uliotangulia. Wa tatu alikuwa nesi, na ndugu yake, askari, alikuwa ameuawa katika siku za kwanza za vita. Wa nne alikuwa kijana wa ngoma. Yeye alitoka upande ule uliomuua ndugu wa nesi. Mama yake na dada zake walikuwa kambini. Yeye alilala kwenye stoo ya kanisa, kati ya viti vya plastiki na spika, na hakutoka getini bila gari la mchungaji. Paji lake la uso lilikuwa na chale, kwa hiyo kabila lake lilijulikana kabla hajafungua mdomo.

Nesi na kijana walihudhuria mikutano yote ya maandalizi. Hawakugombana. Hawakusalimiana pia. Nesi alikuwa akiniambia mimi, "Mwambie asogeze kiti," naye kijana ameketi hatua moja tu mbele yake.

Bila kijana, sharti la wenyeji lisingetimia na safari isingekuwepo. Sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi.

Mchungaji ndiye aliyepaswa kuwaaga. Wiki moja kabla alinirudishia faili langu juu ya meza. "Barua zote umeandika wewe, binti. Mambo ya safari unayajua wewe. Utawaaga wewe. Mimi nitaweka mikono na kuomba."

"Mchungaji, mimi sijawahi kuhutubia."

"Na wao hawajawahi kutumwa. Mtajifunza siku moja."

Nikaenda kuandika. Nilitafuta mahubiri ya kuagia watu nikaona yote yanaruka juu juu, moto na mbawa na mavuno, na hakuna aliyewaambia wasafiri waweke pasipoti wapi. Mimi niliamua hotuba yangu iwe na miguu. Nilimfuata mama wa samaki sokoni nimsomee masharti ya mwenendo, maana yeye ndiye angeyasimamia. Alikuwa akipanga kambare wakavu kwa ukubwa, nzi wakimzunguka, na hakuinua kichwa.

"Soma, mimi iko nasikia."

Nikasoma. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae mwilini, si kwenye begi. Kila mmoja abebe nakala za karatasi za mwenzake, si zake, ili begi likipotea zisipotee zote. Mtu asibebe mzigo ambao hakuufunga kwa mikono yake, hata kama umetoka kwa mzee wa kanisa.

"Na samaki ya dada yangu, ile ya Entebbe?"

"Umeifunga mwenyewe?"

"Nani atafunga samaki yangu? Wewe?"

"Basi beba, mama. Lakini ifunge mara tatu. Itanuka ndege nzima."

"Wacha inuke. Watajua watu wa Juba wamepanda." Akacheka peke yake, kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza, akaniita kwa Kiarabu cha Juba. "Ya binti, hii maneno yako iko mingi. Iko ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Musa alipanda mlima akarudi na kumi."

Nilirudi nyumbani nikayapunguza hadi kumi na moja. Kumi nilishindwa. Nakala za karatasi niliwagawia mwenyewe katika mkutano wa mwisho, kila mtu na za mwenzake. Sharti ambalo sikukubali kulikata lilihusu uwanja wa ndege. Tulichagua ndege kwa sababu ya kijana: barabara ya kwenda mpakani ilikuwa na vizuizi vingi, na kila kizuizi kina mtu mwenye bunduki na maswali yake. Uwanja wa ndege ulikuwa na dirisha moja la uhamiaji. Niliandika hivi: "Hakuna atakayevuka dirisha peke yake. Mmoja akizuiwa, wote wamezuiwa. Kiongozi awe wa mwisho." Kwa maana nilimjua mwalimu wetu. Angegongewa muhuri, angeenda kuketi kule ndani na kitabu chake, na akigeuka angekuta kijana hayupo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Hotuba niliiandika mara tisa. Utaratibu wa ibada niliunakili mara moja tu, kutoka ule wa miaka ya nyuma, tulipotuma kwaya Kenya kabla ya vita. Wimbo, somo, maswali ya kutumwa, hotuba, kisha mstari huu: "Ndugu na jamaa wa kila anayetumwa wasimame nyuma yake na kumwekea mikono." Hiyo ndiyo desturi yetu. Mtu hatumwi na mchungaji tu, hutumwa na watu wake. Mikono yao mgongoni ndiyo inayosema kwamba wamemwachia. Nilipiga chapa, nikasahihisha nafasi kati ya maneno, nikatoa nakala themanini. Sikuona kitu.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa hadi uani. Mchungaji aliwaita wanne mbele, wakasimama kwenye mstari wakitutazama. Akawauliza, "Mnakwenda kwa hiari yenu?" Wakajibu, "Kwa hiari yetu." "Mtatii kiongozi wenu na wenyeji wenu?" "Tutatii, Mungu akitusaidia." Kijana alijibu kwa sauti ya chini lakini alijibu. Nesi alisimama upande ule mwingine wa mstari.

Nilipanda madhabahuni na nakala ya tisa. Sentensi tatu za mwanzo nilizisoma bila kuinua macho, kisha, sijui niseme nini, nikayainua. Watu walikuwa wananisikiliza. Nilijua ninachosema. Nilikuwa nimefikiria kila neno, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kwamba woga wangu wote ule ulikuwa umejenga kitu ambacho mtu anaweza kukisimamia.

"Mkiulizwa dirishani mnakwenda kufanya nini," niliwaambia, "jibuni jambo moja, wote wanne: tunatembelea kanisa, siku kumi na nne, barua ya mwaliko hii hapa. Msiseme mnakwenda kufanya kazi. Kwa Kiswahili chetu umisheni ni kazi. Kwa afisa, kazi inataka kibali chake."

Watu wakacheka. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake.

"Msivae nguo yoyote yenye rangi za kijeshi, hata kofia, hata begi. Msipige picha uwanjani. Kule kwenye makazi msimpige picha mtu ambaye hamjamwomba, na mtoto msimpige kabisa. Mtapewa chakula na watu wenye chakula kidogo. Kuleni, kidogo, na mkisifie. Nguo na sabuni mlizobeba msimpe mtu mkononi. Wapeni wazee wa kanisa lile wagawe wao, maana nyinyi mtaondoka na wao watabaki na ugomvi. Msiahidi chochote. Hata 'tutaona' ni ahadi kwa mtu anayesubiri."

"Kweli," akasema mtu nyuma.

"Msiende nyumba ya mtu mmoja mmoja, nendeni wawili wawili, na wawili hao wasiwe wa upande mmoja. Msimwulize mtu yeyote, 'Wewe ni wa wapi?' Wataona haya au wataogopa. Ulizeni, 'Mmelalaje?' Mtu akianza kuwasimulia nani alianza vita, sikilizeni, wala msimsahihishe. Na zile sauti za chuki zinazotumwa kwenye simu, msizisikilize hadharani, msizisambaze, hata kwa kuzilaani."

Nikamaliza na sharti la dirisha. Nikalisoma mara mbili, kama nilivyopanga, nikimtazama mwalimu. Kisha nikasoma mstari uliofuata kwenye utaratibu wa ibada, kwa sauti ileile niliyokuwa nimeanza kuipenda: "Sasa ndugu na jamaa wa kila anayetumwa wasimame nyuma yake."

Viti vikasogezwa. Nyuma ya mama wa samaki walijaa wanawe na wajukuu na nusu ya safu ya wauza samaki. Nyuma ya mwalimu alisimama mkewe na Wakenya watano au sita. Familia ya nesi ilikuja yote, mama yake akiwa bado na kitambaa cheusi cha matanga.

Nyuma ya kijana palikuwa na ukuta.

Nitakiri nilichofikiri kwanza, maana nikikificha maandishi haya hayana faida. Nilifikiri: utaratibu wangu umeharibika. Sikumfikiria yeye. Niliona nafasi tupu kama ninavyoona herufi iliyorukwa. Halafu ndipo nikamwona uso. Alikuwa anatazama sakafu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mkanda wa begi dogo alilokuja nalo, kama mtu anayejiandaa kushuka kituoni.

Mchungaji akaanza kuteremka aende kwake. Kijana akatikisa kichwa. Akasema kwa Kiarabu cha Juba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie, bila hasira: "Malesh, samahani, mchungaji. Usijisumbue. Waende hawa wenye watu. Mimi nitabaki nipige ngoma."

Akatoka kwenye mstari.

Nilijua maana yake. Akiketi, barua ya wenyeji imeshajibiwa: wa upande mmoja, heri wasije. Na aliyemketisha ni mimi, kwa mstari nilionakili. Nilishika mimbari. Hotuba yangu ilikuwa imekwisha, nakala ya tisa ilikuwa tupu upande wa pili, na nilichoweza kufanya ni kusema ukweli.

"Ndugu zangu," nikasema, "hili ni kosa langu. Nimenakili utaratibu wa zamani, wa wakati kila mtu alikuwa na watu wake mjini. Sikufikiri. Kaka, nisamehe."

Alisimama, lakini hakugeuka. Nilisikia bati likilia kwa joto.

Ndipo mama wa samaki akageuka kwa wajukuu zake. "Nyinyi ngoja kwanza. Toa mikono." Akawapangua, akatoka kwenye kundi lake, akavuka mbele ya kanisa akiburuza kandambili, akasimama nyuma ya kijana.

"Mama, mpango bado," mzee mmoja wa kanisa akanong'ona.

"Mpango gani? Huyu binti si amesoma hapa mara mbili? Hakuna mtu anavuka dirisha peke yake. Moja ikizuiwa, yote imezuiwa. Mimi ni kiongozi, mimi iko ya mwisho." Akaweka mkono wake mgongoni mwa kijana, mkono uliopasuka kwa chumvi. "Huyu amezuiwa. Basi mimi bado sijavuka. Mwalimu, wewe umevuka?"

Mwalimu alifunga daftari. "Bado, mama." Akaja, na mkewe akamfuata.

Akabaki nesi. Kanisa zima halikumtazama, na hivyo ndivyo ulivyojua kwamba kila mtu anamtazama. Mama yake mwenye kitambaa cheusi alimshika mkono. Sikusikia alichoambiwa. Niliona tu nesi akijibu kitu kifupi, na mama yake akiuachia ule mkono taratibu.

Alitembea mpaka kwa kijana. Hakumgusa. Alisimama mbele yake na kumwambia, kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi: "Nakala za pasipoti yangu unazo wewe?"

"Ninazo."

"Zako ninazo mimi. Kwa hiyo ukibaki, utanibakiza. Rudi kwenye mstari."

Akazunguka, akasimama nyuma yake karibu na mama wa samaki, akaweka vidole viwili begani mwake. Viwili tu. Mimi nilivihesabu. Kijana akaanza kulia kwa namna ya wanaume wa kwao, macho wazi na uso umetulia. Akarudi kwenye mstari, nao wakarudi pamoja naye, kisha familia zote tatu zikaja nyuma ya wote wanne kwa mara moja, ikawa rundo, huwezi kujua mkono upi ni wa nani. Mama wa nesi alikuja wa mwisho. Aliweka mkono wake kwa binti yake peke yake. Sitaandika zaidi ya nilichokiona.

Mchungaji akaomba. Nikawapa barua ya utambulisho, yenye muhuri, na kosa moja la chapa kwenye mstari wa tatu ambalo nililiona wakati ikiwa tayari mkononi mwa mama wa samaki. Nikaiacha iende.

Siku ya tatu niliwasindikiza uwanja wa ndege. Sehemu ya kuondokea ilikuwa mahema wakati ule, jasho na mizigo, na sisi wasindikizaji tulizuiwa kwenye kamba. Niliweza kuliona dirisha. Walifika wote wanne. Mwalimu alisogea mbele kwa mazoea, na mama wa samaki akamvuta kwa shati. Wakamtanguliza kijana.

Afisa aliifungua pasipoti. Akatazama paji la uso. Akaifunga, akaiweka kando, akamwashiria kijana asimame pembeni na nesi aje. Nesi hakwenda. Afisa akaashiria tena. Akamnyooshea mkono mwalimu. Mwalimu akasimama alipo, akiwa amekumbatia kitabu chake. Foleni nyuma yao ikaanza kulalamika. Mtu akapiga mluzi. Mama wa samaki akageuka akamjibu kitu kilichowachekesha wawili na kumnyamazisha wa tatu.

Kisha nesi akaongea na afisa kwa lugha yao, maana kwa sura walikuwa watu wa kwao kumoja. Sikusikia. Alitoa bahasha na kuweka dirishani nakala za karatasi za kijana, moja moja, kadi ya chanjo, mwaliko, kama anavyopanga dawa kwenye sinia. Alivyosimama, mgongo umenyooka, ungesema amefanya kazi hiyo miaka mingi. Afisa alimwuliza swali. Nesi akamwonyesha kijana kwa kidevu na kujibu neno moja.

Muhuri ukagonga. Wa kwanza kijana, wa pili nesi, wa tatu mwalimu. Mama wa samaki akawa wa mwisho, na begi lake likafunguliwa, likanuswa, likafungwa haraka.

Jioni simu yangu ililia kutoka namba ya Uganda.

"Ya binti, tumefika yote. Samaki pia."

"Mama, nesi alimjibu nini yule afisa?"

"Aliuliza huyu ni nani wako. Akasema: mwenzangu." Nilisikia magari ya Entebbe nyuma yake. "Na wewe, hii masharti yako ni kumi na moja. Ile moja ya dirisha ingetosha. Lakini usikate zingine, mwalimu anaipenda."

Nikatoa utaratibu wa ibada kwenye faili. Nilipiga mstari juu ya "ndugu na jamaa wa kila anayetumwa" na juu yake nikaandika kwa kalamu: "Kanisa lote lisimame nyuma ya wote." Sikunakili upya ili iwe safi. Karatasi hiyo, na ufutaji wake, ndiyo tunayotumia mpaka leo.